Elfu Sitini Zisizo na Jina

Dobi wa hospitali alituma picha ya slipu yake ya mshahara asubuhi, kisha akaja mwenyewe kukaa mbele ya meza yangu, kana kwamba picha ingepotea njia. Alitaka mkopo wa kumnunulia mwanawe kifaa cha kusikia. Mtoto ameanza shule na hasikii anachofundishwa.

Kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, kompyuta ndiyo inayosoma picha. Inatoa mapato, makato na kinachobaki mkononi, halafu inajumlisha upya. Safari hii ikawasha nyekundu: hesabu hailingani.

Meneja akachungulia juu ya bega langu. "Imechezewa hiyo. Irudishe."

"Ngoja kwanza, bosi. Picha yenyewe imepigwa kama mtu yuko kwenye bembea."

"Simu ya kuazima, kaka," dobi akasema kwa aibu.

Nikaikuza picha, nikalinganisha kila tarakimu. Kompyuta ilikuwa imesoma sawa. Mapato 640,000. Jumla ya makato 189,600. Mkononi 450,400. Ukitoa, inakubali. Kasoro ilikuwa kwenye mistari ya makato: kodi 58,400, pensheni 52,000, bima 19,200. Jumla yake ni 129,600 tu. Elfu sitini zimekatwa bila jina.

"Anayeghushi hujiongezea," nikamwambia meneja. "Huyu amejipunja?"

Nikamuuliza dobi, "Mama, kuna kitu ulikuwa unakatwa elfu sitini?"

"Mkopo wa kazini. Lakini niliumaliza mwezi uliopita."

"Basi umeisha kwenye mstari, kwenye jumla bado upo."

"Kumbe! Nikadhani kodi imepanda. Sisi tukikatwa tunashukuru kilichobaki."

"Hata hivyo," meneja akasema, "rejesho la mwezi ni 160,000. Linapita theluthi ya mkononi, na huo ndio mwisho wetu."

"Akirudishiwa elfu sitini halipiti."

"Akirudishiwa. Mimi siandiki 'akirudishiwa' kwenye fomu."

Alikuwa na haki. Namba ya mtu mwingine siwezi kuisahihisha kwa kalamu yangu. Nikampigia karani wa mishahara wa hospitali.

"Mfumo ndio unakata, ndugu yangu," akajibu.

"Sawa. Jumlisha na mimi." Nikamsomea mstari kwa mstari. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Aisee. Mstari umefutwa, jumla haikupigwa upya. Na si yeye peke yake."

Slipu mpya ilifika mchana: makato 129,600, mkononi 510,400. Zilizokatwa zitarudi na mshahara ujao. Kompyuta ikapitisha, meneja akasaini, nikamsogezea dobi mkataba na kalamu.

Hakuishika. Aliivuta slipu karibu, akaweka kidole kwenye kodi, akashuka polepole huku midomo ikicheza. Tukamsubiri, meneja naye.

"Inakubali," akasema. Ndipo akatia sahihi, akauliza duka la vifaa vya masikio linafungwa saa ngapi.