Mashine Aliyoiunda Mingo

Kibanda kilivuja, na wanawake kumi walijibana upande mkavu, kila mmoja na kapu la pamba mapajani. Binah, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, lakini tangu asubuhi alikuwa hajajaza hata kiatu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya shamba la Bwana Tolliver, pale Georgia: hakuna kula jioni mpaka ujaze kiatu chako pamba isiyo na mbegu. Pamba ya huko bara, mbali na pwani, ina mbegu za kijani zenye manyoya, zinazong'ang'ania nyuzi kama kupe. Mtu alichambua kutwa nzima akapata ratili moja.

"Wenye miguu mikubwa tunaonewa," alisema Mama Filis, akiinua kiatu chake cha kiume. Wote wakacheka.

Baba yake Binah, Mingo, alikuwa mhunzi wa shamba. Mkewe aliuzwa mwaka ambao nili, zao la rangi ya buluu, ilikosa wanunuzi, na sasa alishasikia kwamba anayefuata ni Binah. Kwa hiyo Bwana Tolliver alipoingia kwenye kiwanda cha uhunzi, Mingo aliweka nyundo chini.

"Ng'ambo ya mto kuna mashine ya kuchambua pamba," alisema Bwana. "Wenyewe wanataka sehemu mbili katika kila tano za pamba, ndiyo malipo yao. Wezi wakubwa! Wewe si ulikwenda kuwavalisha farasi wao viatu? Uliiona?"

"Niliiona, Bwana."

"Unaweza kuiunda?"

"Naweza. Lakini Binah, Bwana..."

"Ikifanya kazi, Binah simuuzi. Nakuapia."

Bwana Tolliver aliapa upesi sana, maana viapo havikumgharimu kitu.

Mingo alifanya kazi kufa na kupona. Alikata mabapa ya chuma ya mviringo, akayatia meno kwa tupa, akayapanga kwenye gogo linalozunguka. Mbele ya gogo aliweka safu ya vyuma, na kila bapa likapita katika ufa wake. Meno yaliuma nyuzi na kuzivuta upande wa pili. Mbegu, kwa unene wake, ikabaki na kuanguka. Nyuma ya gogo brashi ya manyoya ya nguruwe ilizunguka kwa kasi zaidi, kinyume na gogo, ikifagia pamba kwenye meno yasizibe. Mara ya kwanza nyufa zilikuwa pana kidogo tu. Mbegu zikapita, zikapondwa, pamba ikachafuka. Akazibana upya.

Siku ya kujaribu, Mama Filis alizungusha mpini, Binah akilisha pamba. Mpaka jioni walikuwa na ratili hamsini, nyeupe, hazina mbegu hata moja. Wanawake walimkumbatia Mingo wakilia.

"Umetupumzisha, kaka," alisema Mama Filis. "Mungu akulipe."

Bwana Tolliver hakuitazama mashine. Alikuwa mlangoni, anautazama msitu.

Miaka yote alilima pamba kidogo kwa sababu vidole vya wanawake kumi havikuweza kuchambua zaidi. Sasa kizuizi hicho kilikwisha. Msitu ulifyekwa. Wanawake walitolewa kibandani wakapewa majembe, na farasi akafungwa kwenye mashine. Marobota yakateremka mtoni kwenda Savannah, na kutoka huko melini hadi Uingereza, ambako viwanda viliyanunua yote na kutaka mengine. Watu wapya wakaletwa kutoka Virginia, wamefungwa minyororo wawili wawili. Kila aliyewaona wakishuka alimwangalia Mingo.

Ndipo mngurumo wa meno ukaanza kumfuata. Farasi alipumzika, yeye bado anausikia. Alitumbukiza kichwa kwenye pipa la kupozea chuma, akausikia humo majini. Katikati yake kulikuwa na sauti ya mkewe, inaita jina lake bila kuchoka.

Mwezi wa Novemba akaambiwa aunde ya pili, kwa ajili ya shamba jipya magharibi, mwendo wa wiki tano. Vijana kumi na wawili wangekwenda nayo. Binah alikuwamo.

Mingo alipiga magoti matopeni. "Bwana, uliapa."

"Niliapa simuuzi. Nani kamuuza? Bado ni wangu, na shamba ni langu." Bwana Tolliver alionekana ameudhika kweli. "Hebu inuka. Utanifanya nionekane mbaya mbele za watu."

Mashine ilipakiwa kwenye gari la ng'ombe. Njia ilikuwa mbovu, na msimamizi wa shamba akahofia mabapa yasije yakapinda. Akaamuru Binah apande, akae nyuma ya mashine na kulikumbatia sanduku lake zima kwa mikono miwili.

"Mfunge hapo, Mingo. Kamba zako ndizo hazilegei."

Mingo aliipitisha kamba kiunoni mwa mwanawe, akaizungusha kwenye mashine.

"Baba, huko nitachambua?"

"Hapana, mwanangu. Utalima."

"Kaza zaidi," alisema msimamizi.

Akakaza.