Kovu Lililosafishwa

Tusimwonee, Éliakim alikuwa fundi. Hapa Butembo ukiona video ya arusi aliyoihariri yeye, huhitaji kuuliza: ukungu wa asubuhi, majani mabichi, ngozi za watu laini zinang'aa. Rangi hiyo aliitoa kwenye picha moja tu, ya bibi arusi mmoja wa kijiji cha Masereka, na kila kazi iliyoingia studio aliilinganisha nayo. Kizuri chajiuza, alipenda kusema, na kweli kilijiuza.

Mama Emérence alimletea kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Beni nyumba ikiungua nyuma yake, na bintiye Sagesse, mwimbaji wa kwaya, alikuwa ameuawa shambani. Sura ya mtoto ilibaki ndani ya kadi ile peke yake: Sagesse anaimba kanisani Beni, Sagesse anauza viazi sokoni Kirumba, Sagesse anacheka jikoni. Mama alitaka filamu fupi ya siku ya kuondoa matanga. Watu wamwone mara moja tena, basi.

Kwanza Éliakim alifanya alivyozoea. Programu ilipima mwanga, vivuli na rangi ya ngozi katika picha ya Masereka, ikavihamishia kila kipande. Rangi zikapatana. Lakini video ya kanisani ilibaki na chembechembe, ya sokoni jua lilikuwa limelifuta shavu kwa weupe, ya jikoni ilikuwa giza tupu. Ilionekana wazi ni video za simu. Kuna ubaya gani? Hakuna. Ila Éliakim aliona haya, maana wageni wa matanga ndio wateja wa kesho.

Akaenda kwenye programu ya mtandaoni, ile isiyobadilisha rangi tu bali huchora upya kila picha kwa kufuata mfano unaoipa. Akaipa bibi arusi yuleyule. Alipoweka nguvu ya mfano chini, vipande havikufanana. Alipoipandisha vikafanana, lakini uso ukawa unachezacheza. Basi akaiagiza ishike uso mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ikatii. Kanisa, soko na jiko vikawa kama vimepigwa asubuhi moja, kwa kamera moja. Éliakim, ambaye hakuwahi kukutana na Sagesse akiwa hai, alitazama akajipongeza.

Kisha akafanya ambalo kila studio ya mtaa ule hufanya. Kadi ni mali, hivyo filamu hurudishwa kwenye kadi ya mteja mwenyewe. Akaifuta, akaandika filamu juu yake, na kwenye kompyuta akaondoa vipande vya asili, kwa kuwa arusi nyingine ilikuwa inasubiri nafasi.

Mama Emérence alikuja kuitazama kabla ya matanga. Aliketi karibu sana na skrini. Filamu ilipoisha aliomba irudiwe, na Éliakim akadhani imempendeza. Mara ya pili alinyoosha kidole, akagusa paji la uso pale kwenye kioo.

"Huyu ni mutoto wa nani?"

"Ni Sagesse, Mama."

"Hapana. Sagesse alikuwa na kovu hapa. Miye mwenyewe nilimuunguza na pasi ya makala, alikuwa angali mudogo. Kila siku nilikuwa naiangalia ile kovu, namuomba Mungu pardon. Iko wapi?"

Éliakim alisimamisha picha. Paji lilikuwa safi. Hata pengo la meno lilikuwa limezibwa, na taya lilikuwa la yule wa Masereka. Aliliona kosa, lakini mdomo wa fundi ulitangulia.

"Mama, hiyo ni kitu kidogo. Unipatie tu foto yake moja, mashini itaifuata, kovu itarudia."



"Foto gani ingine, mwanangu? Zote zilikuwa mu ile carte."

Alijaribu, tusimnyime hilo. Alifungua programu ya kufufua vilivyofutwa, lakini filamu nzito ilikuwa imelala juu ya vyote. Aliomba msamaha akiwa amepiga magoti. Mama hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliuliza jambo moja tu, kama sauti nayo ameitengeneza. Éliakim alisema hapana, sauti hakuigusa.

Siku ya matanga watu walikaa, filamu ikaanza, na wengine wakaanza kunong'ona jinsi picha zilivyo nzuri. Mama Emérence aliinuka, akaigeuza skrini ikatazama ukuta, akarudi kukaa. Wimbo wa Sagesse uliendelea. Nje, kwenye lango, mwanamke mmoja alimvuta Éliakim pembeni akamwambia bintiye anaolewa, na angependa rangi ile ile.