Wakala wa Alfajiri

Kabla ya adhana, simu yangu ilianza kutetemeka juu ya sinia, na vikombe vilivyokuwa pembeni vikaanza kugongana polepole. Niliinyakua haraka nisimwamshe Nasteha, mjukuu wangu, maana alikuwa amerudi jana yake kutoka Kipsing akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum, Ayeyo," sauti ikasema. "Umeamkaje? Goti limepoa?"

Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na anayeniita hivyo ni mmoja tu. Sauti ilikuwa ya Nasteha.

Nikageuka. Nasteha alikuwa amelala kwenye mkeka, kiganja chini ya shavu, mdomo umefumbwa.

"Wewe ni nani?" nikanong'ona.

"Ni mimi, Nasteha, wakala wako wa majokofu ya sola. Chama chenu cha wauza maziwa kimepata maziwa mengi msimu huu. Mmefikiria kuongeza jokofu la pili?"

Nilisikiliza. Ilikuwa sauti yake kabisa, hata ule uvivu wake wa kuvuta mwisho wa neno. Lakini kati ya neno na neno hakukuwa na pumzi. Nimelala chumba kimoja na mtoto huyu tangu mama yake alipofariki. Pumzi yake naijua.

Nikakata simu, nikamwamsha.

Aliposikia hakucheka, ingawa nilitaka acheke. Aliketi, akajifunika shuka mabegani.

"Ayeyo, nilikuwa sitaki kukwambia," akasema. "Huko Kipsing wananishukuru kwa kuwapigia. Mama Akolong alinipokea jana kwa chai, akaniambia, 'Jokofu tuliloagiza kwako limefika.' Mimi sikumuuzia jokofu. Nilikuwa nimeenda kumuuzia."

"Labda amechanganya. Macho yake hayaoni vizuri."

"Macho ndiyo mabovu, Ayeyo, si masikio. Tena si yeye peke yake. Kila ninapofika, naambiwa nilishafika."

Niseme kazi yake ilivyo. Kampuni iko Ulaya, inatengeneza majokofu ya kupozea maziwa kwa nguvu ya jua. Nasteha ndiye wakala wao Isiolo, Samburu na Marsabit. Hana mshahara. Akileta agizo la mteja, na mteja akailipa kampuni, anapata kamisheni, sehemu yake katika bei. Kamisheni hiyo ndiyo imetuezekea chumba hiki. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa unaisha wiki hiyo, na mpya ulikuwa umeshatumwa autie saini. Kama maagizo yangeendelea kupita bila yeye, kazi ingekuwa imekwisha hata kabla ya kufukuzwa.

"Mlango huo niliwafungulia mwenyewe," akasema. "Kampuni waliniambia nisome kurasa nyingi za Kiswahili kwenye simu, ndani ya chumba kisicho na kelele. Walisema ni za kufundishia wateja. Na kwenye programu yao naandika habari za kila mteja. Nani amefiwa. Nani goti linamsumbua. Naandika ili nikifika nisisahau kuuliza."

Basi nikaelewa goti langu lilivyojulikana. Upole wa mtoto wangu ulikuwa umechukuliwa, ukawekwa kwenye kitu kisichopumua.

*

Wakili Ntongai ana ofisi juu ya duka la vyakula vya mifugo. Ni Mmeru mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Alipoona ninavyopanda ngazi alishuka mwenyewe na kiti, akanisubiri nipumzike katikati bila kunifanya nione aibu.

Alisoma mkataba wa zamani kimyakimya. Kisha akauliza, "Nasteha, ulipotia saini, ulielewa nini hapa kwenye eneo lako?"

"Kwamba Isiolo, Samburu na Marsabit ni zangu. Wameandika hawataweka wakala mwingine."

"Na hawajaweka."

"Hawajaweka? Na yule anayempigia bibi yangu alfajiri?"

"Yule si wakala. Yule ni kampuni yenyewe." Akasogeza karatasi karibu yetu. "Wameahidi kutoweka wakala mwingine. Hawakuahidi kwamba wao wenyewe hawatauza. Ahadi hizo ni mbili, na wewe umepewa moja."

Nasteha akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe soko la hapa. Dalali akishaleta mnunuzi, mwenye ng'ombe akimzunguka asimlipe, dalali gani atamshikia mnyama tena? Atasuswa na soko zima. Mimi nilijua ndivyo ilivyo. Sikuona haja ya kuuliza."

"Ndivyo ilivyo pale sokoni," Ntongai akasema kwa upole. "Wengi wa hapa wangefanya kosa hilo hilo, hata mimi ningelifanya kama baba yangu angekuwa dalali. Lakini mkataba huu unafuata sheria za kwao, na desturi ya soko letu haikuandikwa ndani. Sasa tazama kamisheni. Unalipwa kwa agizo gani?"

"Agizo lililoletwa na wakala."

"Si kila agizo la eneo. Lile ulilolileta tu. Na eneo lenyewe wamelipima kwa anwani ya anayelipa. Shirika la Nairobi likinunua jokofu la Kipsing, kwao hilo ni la Nairobi."

Nasteha akafunika uso. "Kwa hiyo nina eneo, na sina kitu ndani ya eneo."

"Ngoja kwanza. Bibi, ile sauti ilijitambulisha vipi?"

"Ilisema ni Nasteha, wakala wangu."

Ntongai akaacha kuandika. "Ilisema wakala?"

"Wakala wangu wa majokofu ya sola. Hivyo hivyo."

Akaliandika neno hilo pembeni mwa mkataba, akalipigia mstari. "Bibi, ikipiga tena, pokea," akasema. "Nasteha arekodi kwa simu yake. Iulize agizo linakwenda wapi. Na wewe, Nasteha, usitoe sauti."

*

Ile sauti ilipiga tena, wakati ule ule ambao wauza maziwa wote tumeamka na bado hatujatoka. Niliweka simu kwenye mkeka ili sauti isikike. Nasteha alikaa mbele yangu, simu yake ikirekodi, kiganja mdomoni.

"Salaam aleikum, Ayeyo. Umeamkaje?"

"Aleikum salaam, mama." Lilinitoka lenyewe, hilo neno mama. "Wewe nani?"

"Nasteha, wakala wako."

Mbele yangu Nasteha alitikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yakimtoka, na sauti yake ikaendelea kutoka sakafuni kwa furaha.

"Nikiagiza kwako, agizo linakwenda wapi?"

"Linaenda moja kwa moja kwa kampuni, Ayeyo. Hakuna mtu wa kati."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, Ayeyo."

Nikaogopa kwelikweli. Nikanyoosha mkono nikamshika Nasteha kifundo cha mguu, nijue yupo. Kilikuwa kimepoa kwa baridi ya sakafu, lakini damu ilikuwa inapiga ndani.

"Umenyamaza, Ayeyo," sauti ikasema. "Goti linauma?"

"Linauma," nikajibu, kwa sababu kweli lilikuwa linauma, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kuuliza asubuhi hiyo.

*

Mazungumzo na kampuni yalifanyika ofisini kwa Ntongai, kwa video. Mama mmoja wa kampuni alionekana kwenye kioo, nyuma yake dirisha lenye theluji. Aliongea Kiingereza, Ntongai alinitafsiria kidogokidogo, ingawa hakulazimika.

Yule mama alisema hawajavunja mkataba.

"Labda," Ntongai akasema. "Lakini mnalipa kamisheni kwa agizo lililoletwa na wakala. Wateja hawa walipigiwa na mtu aliyesema ni Nasteha, wakala wao. Maneno hayo ni yenu. Sauti tuliyoirekodi tunayo hapa. Mkisema hakuwa wakala, basi mmetumia jina lake kuwadanganya wateja."

Yule mama aliinama, akaongea na mtu ambaye hatukumwona.

Ntongai alizima maikrofoni. "Sisemi tungeshinda," akatunong'oneza. "Kesi yenyewe ingekuwa huko kwao, na nauli hatuna. Lakini wanataka saini yake, na wanaogopa wateja kusikia habari hii. Nasteha, chagua. Unaweza kudai eneo liwe lako kabisa, wao wenyewe wasiuze. Watakubali, lakini watakuwekea kiwango cha chini cha mauzo. Ukame ukija, usipokifikia, wanakunyang'anya."

"Na nikiacha wauze?"

"Basi dai kamisheni kwa kila jokofu litakaloshushwa ndani ya eneo, hata kama agizo limepitia kwao, hata kama mlipaji yuko Nairobi."

Nilimwona akiwaza. Angetaka kusema, 'Eneo ni langu.' Baba yake angesema hivyo. Alitazama nje, mahali mvua ilipokuwa haijanyesha.

"Wauze," akasema. "Lakini jokofu likishuka hapa, nilipwe. Na sauti yangu wairudishe."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikaandikwa: eneo litapimwa kwa mahali jokofu linaposhushwa, kamisheni kwa kila moja, ila nusu kwa mashirika makubwa ambayo kampuni inayahudumia yenyewe, majokofu yaliyouzwa na ile sauti yahesabiwe ya Nasteha, alipwe kadiri wateja wanavyolipa; na akiacha kazi, maagizo aliyokwisha kuyaanzisha yasipotee. Na sauti izimwe. Ntongai alimsomea kila mstari kwa Kiswahili kabla ya kumpa kalamu. Ada yake alisema tutaongea siku nyingine.

Nilitegemea kufurahi. Nilifurahi. Lakini alfajiri iliyofuata niliamka, nikakaa karibu na simu, na haikulia, na sikupenda nilivyokuwa nimeisubiri.

*

Mara ya kwanza Nasteha kurudi Kipsing, niliomba twende pamoja. Nilitaka kumwona Akolong, Mturkana wa rika langu anayeongoza chama cha maziwa cha huko. Alikuwa amekaa kivulini mwa jokofu jipya, likivuma taratibu. Alitukatia kila mmoja kipande cha mkate, kikubwa akanipa mimi.

"Mama Akolong," Nasteha akasema, "nimekuja kukueleza. Yule aliyekuwa anakupigia alfajiri hakuwa mimi. Ilikuwa mashine."

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe ukipiga unakohoa vumbi, unalaumu gari, una haraka. Yule hakuwa na haraka." Alitafuna polepole. "Nilijua siku ya kwanza. Nikasema, hata kama ni kitu gani, kinauliza nimelalaje. Watoto wangu wako Mombasa, hawaulizi."

Nasteha aliweka mkate chini. Alisogea, akamshika mkono. "Nitakupigia mimi."

"Piga, mama. Utapiga ukikumbuka." Hakulisema kwa ubaya.

Tulipoagana jua lilikuwa linashuka. Nasteha alinishika kiwiko kwenye mawe mpaka garini. Nilipogeuka kupunga mkono, Akolong hakuwa anatutazama. Alikuwa ameinua simu yake mpaka mdomoni, kioo kikiwa cheusi, akiongea nayo kwa sauti ya kubembeleza, na upepo ukatuletea maneno yake.

"Wamekwenda," alikuwa anasema. "Njoo tena, mama. Mimi alfajiri huwa macho."