Sauti Nyuma ya Mlango

Shemsa ni kijumbe wa upatu wa wanawake wa Kidichi: hukusanya michango kila siku, na mwisho wa mwezi humkabidhi mwenye zamu. Zamu hii ni ya Bi Amne, mjane ambaye paa lake linavuja, na masika yamekaribia. Fedha za Bi Amne hazipo.

Zilikwenda kwa Anuar, mwenye kundi kwenye simu. Huyo hukusanya fedha za wengi, eti mabingwa wake wazichezee kwenye mechi, na kila mwezi huahidi kurudisha fedha na theluthi juu yake. Shemsa hakuuliza hata siku moja ni mechi zipi. Kamari ni haramu, akajiambia asiyeuliza hashiriki. Maskini, ukijifunga macho usiione dhambi, na mwizi naye humwoni.

Mwezi wa kwanza alitia akiba yake, akalipwa. Kumbe alilipwa kwa fedha za walioingia nyuma yake. Anuar akamwomba ujumbe wa sauti wa shukurani, naye Shemsa akaurekodi kwa furaha. Mwezi wa pili akatia fedha za upatu. Alipotaka kuzitoa, akaambiwa alipe kodi kwanza. Akalipa. Mara mfumo unatengenezwa, mara Anuar hapokei simu.

Alasiri moja alikwenda mjini, kwenye anwani ya ofisi ya Anuar huko Kiponda. Akapanda ngazi, akakuta mlango uliofungwa.

"Hodi!"

Akapiga hodi ya pili, na ya tatu.

Akaamua kumpigia Bi Mwanakheir, mwanachama aliyekuwa akimshukuru Mungu kundini kila alfajiri kwa kulipwa. Simu ikalia nyuma ya mlango. Akampigia Msabah, mwalimu aliyejisifu kundini kuwa faida yake kaijengea nyumba. Ikalia humo humo, mlio ule ule. Akampigia Matar, mwanachama mwingine. Humo humo. Watu wote aliowaamini walikuwa chumba kimoja, na hakuna aliyepumua.

Kisha akasikia mtu akizungumza ndani, mwanamke mchangamfu.

"Mie Shemsa wa Kidichi, kijumbe. Nshalipwa, alhamdulillahi. Msiogope, tieni."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikasema mara moja, ikanyamaza, ikaanza tena. Shemsa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa jini.

Simu mkononi mwake ikatetemeka. Bi Amne.

"Shikamoo, Bi Amne," alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. We mwizi wa siri, unafaidi peke yako! Huyu Anuar nilikuwa nnamtilia shaka, lakini leo kaniletea sauti yako. Nikasema, akisema Shemsa, yamekwisha. Ng'ombe nshamuuza. Nikipata na upatu wangu, n'taezeka nyumba nzima. Hapa nnabonyeza namba ya siri, nimekupigia unipe baraka tu."

"Bi Amne, usi—"

"Nshatuma."

Nyuma ya mlango, simu moja ikatoa mlio mfupi, ule wa fedha kuingia.