Mtamba wa Mahari

Mimi hasira zangu zinajulikana kuanzia hapa Sironga hadi sokoni, na sitazificha. Watu wanasema Nyaboke ana mdomo. Sawa, ninao. Lakini mwaka huu mdomo wangu haukunisaidia chochote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mwanangu Masese alikuwa amempata Purity, binti wa Mzee Ogeto wa Magwagwa. Msichana mwenye adabu, anayejua kazi, anayeniita mama bila kulazimishwa. Nilimpenda kabla hata mwanangu hajaniambia neno. Mzee Ogeto alisema hataki mambo mengi: tumpe mtamba mmoja mzuri kwanza, hao wengine watakuja polepole. Na kwetu ng'ombe wa mahari haangaliwi kwa picha ya simu. Wakwe wanakuja nyumbani kwako, wanaingia zizini, wanamshika ng'ombe kwa mikono yao, ndipo wanasema ndiyo au wanaondoka.

Mtamba nilikuwa naye. Tulimwita Nyacheki kwa sababu mama yake alitoka mahali paitwapo hivyo, huko kwenye majani chai. Nilimlea mwenyewe tangu alipoachishwa maziwa, na mwezi wa tano alikuwa mnene, mweusi, anang'aa. Majirani walikuwa wakipita njiani wanasimama kumtazama.

Basi mvua zikaja, na shemeji yangu Sylvanus akaja nazo. Marehemu mume wangu alipoondoka, Sylvanus ndiye aliyebaki msemaji wa nyumba yetu, na msemaji huyu hasikilizi mtu. Alikuwa amenunua kifahali fulani sokoni, chembamba, kwake kibanda kimevuja. "Shemeji, nikifunge hapa na wako, mvua ikiisha nitakitoa." Kikakaa mwezi mzima. Kikalala ubavu kwa ubavu na Nyacheki, wakilambana shingo. Akaja akakitoa, akakiuza, hata asante hakuna.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoanza kuuma, mtamba wangu akabadilika. Anakula lakini hanenepi. Anajisugua kwenye nguzo mpaka nguzo inalia. Manyoya yakaanza kunyonyoka shingoni na mabegani, yaliyobaki yamesimama hovyo, marefu, hayana mng'aro. Nikampa majani ya napier zaidi, nikamwongezea pumba na chumvi. Wapi! Ilikuwa ni kumwaga maji kwenye ungo.

Na wakati huohuo kuku wangu, waliokuwa wakilala kwenye fito juu ya zizi hilohilo, wakapunguza mayai. Mayai hayo ndiyo nilikuwa nikimpelekea Akong'o, mama wa kibanda cha chai mjini Nyamira, kila Ijumaa kabla ya Sabato. Trei ikawa nusu, nusu ikawa robo. Akong'o akaniuliza kama kuku wangu wamegoma kama walimu. Nilicheka, lakini moyoni sikucheka.

Sylvanus akaja, akamshika kuku mmoja, akainua mkia, akaona wadudu wanakimbia. Akageuka kama daktari. "Umeona? Kuku ndio wanamwagia ng'ombe chawa usiku. Toa kuku wote."

"Wote, shemeji?"

"Unataka Masese aoe au unataka mayai?"

Nikamwachia. Aliwabeba kwenye gunia na kapu, akawauza Magwagwa siku ya soko. Nilibaki na mmoja tu aliyekuwa ameatamia jikoni nyuma ya kuni, kwa sababu hakumwona. Nikafagia zizi, nikamwaga majivu, nikapaka chokaa ukutani. Tukasubiri. Siku zikaenda, na Nyacheki akazidi kukonda.

Hapo ndipo nilipomwita Owino. Huyu ni daktari wa mifugo, kijana wa kutoka ziwani, ana duka la dawa za mifugo mjini. Alikuja na pikipiki, akasalimu vizuri, akaingia zizini bila kuogopa mavi. Kwanza alivuta mdomo wa Nyacheki chini akatazama ufizi. "Mama Masese, njoo uone. Huu ufizi unatakiwa uwe mwekundu. Umepauka. Huyu ananyonywa damu."

Akapanua manyoya chini ya taya na nyuma ya sikio. Ee Nyasae, Mungu wangu! Nilikuwa nimemlisha huyu ng'ombe kila siku na sikuwahi kupanua manyoya. Chawa wamekaa pale kwa mkusanyiko, wa rangi ya kijivu kama moshi, hawakimbii, vichwa vimezama kwenye ngozi. Na kwenye manyoya, mayai meupe yamegandishwa, ukivuta kwa kucha hayatoki.

"Kumbe kuku wameniua," nikasema.

"Kuku gani?"

Nikamweleza. Owino akaniomba nimletee huyo aliyebaki. Akampuliza manyoya chini ya mkia. Wadudu wa rangi ya majani makavu wakakimbia huku na huku, wakali, wepesi, na kwenye mashina ya manyoya mayai yao yamerundikana kama mchele ulioshikana.

"Tazama vichwa," akasema, akaniwekea mmoja wa kuku na mmoja wa ng'ombe kwenye kiganja chake, akanipa kioo cha kukuzia. "Huyu wa kuku kichwa chake ni kipana. Anatafuna, anakula manyoya na magamba ya ngozi. Kuku anawashwa, halali vizuri, hali vizuri, ndiyo maana mayai yamepungua. Huyu wa ng'ombe kichwa ni chembamba, kimechongoka, ni cha kudunga na kunyonya. Wa kuku hawezi kuishi kwa ng'ombe, mama. Wa ng'ombe hawezi kuishi kwa kuku. Hata wewe wakikutambalia mkononi, hawakai."

"Kwa hiyo kuku wangu..."

"Walihitaji unga wa dawa tu, mara mbili. Mayai yangerudi."

Niliketi kwenye jiwe la kunolea. Kuku wangu wameshaliwa Magwagwa kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Owino akauliza kama kuna ng'ombe mwingine aliyelala hapa, maana chawa wa ng'ombe hutoka kwa ng'ombe mwenzake, wakigusana. Nikamwambia kuhusu kifahali cha mvua. "Basi ni hicho," akasema. Akampaka Nyacheki dawa mgongoni, kuanzia begani mpaka mkiani, akanipa na unga wa yule kuku. "Hii inaua walio hai. Mayai haiyagusi. Yataanguliwa, kwa hiyo narudi baada ya wiki mbili, tunapaka tena. Usiruke hiyo ya pili. Na umlishe. Damu hairudi kwa siku moja."

"Wakwe wanakuja Jumapili ya wiki ijayo."

"Ahirisheni."

Ahirisheni! Ni rahisi mdomoni. Nilienda kwa Sylvanus jioni hiyohiyo, nikampigia magoti, mimi Nyaboke, ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti isipokuwa kanisani. Nikamwambia wacha Mzee Ogeto apewe habari, tuseme ng'ombe anatibiwa, waje mwisho wa mwezi.

"Niwaambie wakwe kwamba nyumba yetu ina chawa?" Akacheka. "Na wale wa Nyansiongo wanaomtaka huyo msichana wapate mlango? Siku ya wakwe haisogezwi kwa sababu ya wadudu. Na usiseme tena kuhusu kifahali changu."

Nikamgeukia Masese. Akatazama chini. "Mama, baba mdogo ndiye msemaji." Nikampigia Owino simu, nikamwomba arudie dawa mapema. Akaniambia kwa upole kwamba mayai mengi yangekuwa bado hayajaanguliwa, tungepoteza dawa bure, na hata tukifanya hivyo manyoya na nyama havitoki kwenye chupa. Basi nikabaki nikikata majani. Usiku nilikuwa nikiwaza: haya mayai madogo kuliko chembe ya chumvi, ndiyo yanayoamua kama mwanangu ataoa?

Wakwe walikuja, wanaume pekee, mbele yao Onyancha, kaka yake Mzee Ogeto, mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Sylvanus alikuwa amemsugua Nyacheki kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, mwili mzima unameremeta, na pale penye upara amepaka masizi. Mimi nilikuwa jikoni. Mahali petu sisi wanawake siku hiyo ni jikoni, lakini jikoni kwangu kuna dirisha.

Nilimwona Onyancha akizunguka. Hakutazama mng'aro. Alishika mbavu, akashika nundu. Akavuta mdomo chini, kama Owino. Kisha akapanua manyoya nyuma ya sikio na kuinama, kwa muda mrefu sana. Chawa wapya walikuwa wameanza kuanguliwa. Nilijua. Asubuhi nilikuwa nimewaona, wachanga, weupeweupe. Akajifuta kidole kwenye suruali. Kidole kikaacha alama nyeusi ya masizi.

"Ngozi kavu tu, baridi hii," Sylvanus akasema.

Hapo nikashindwa. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Si ngozi kavu! Ni chawa, na tumeshampaka dawa ya kwanza, bado ya pili. Aliambukizwa na ng'ombe mwingine. Daktari amesema atapona kabisa. Wazee wangu, nipeni mwezi mmoja tu, mje mmwone!"

Masese hakuinua uso. Onyancha alinitazama, na hakunitazama vibaya, hilo ndilo baya zaidi. "Asante, mama," akasema. "Umesema kweli. Lakini aliyepaka masizi ni nani?"

Wakwe wakala, wakaomba, wakashukuru kwa chakula, wakasema watarudi. Kila mtu wa kwetu anajua "tutarudi" ya namna hiyo.

Purity alinipigia simu siku chache baadaye, analia. Wazee wamesema wanaweza kuvumilia ng'ombe mgonjwa, lakini hawawezi kumpeleka mtoto wao kwa watu wanaopaka ugonjwa rangi. Alimsihi baba yake, alimsihi Onyancha. "Nimejaribu, mama." Nikamwambia najua.

Owino alirudi siku aliyosema, akapaka dawa ya pili, kwa sababu nilikuwa nimeahidi na kwa sababu mnyama hana kosa. Masese akahamia Kisumu kutafuta kazi ya ujenzi. Purity aliolewa Nyansiongo mwezi wa kumi na moja.

Krismasi Masese alikuja siku mbili. Jioni alipita zizini kunawa miguu, akasimama. Nyacheki alikuwa amenenepa, mweusi tii, nundu imejaa, unaweza kujiona kwenye ubavu wake. Mwanangu alimtazama sana. Akapanua manyoya nyuma ya sikio, akatafuta, akaenda chini ya taya, akatafuta na huko. Akavuta mdomo wa Nyacheki chini: ufizi ulikuwa mwekundu.

"Ni mzuri," akasema.

"Ni mzuri," nikamjibu.

Akaingia ndani kulala bila kula.