Kontena Lilishatoka Bandarini

Pale Kariakoo ukisema una wasiwasi, watu wanakucheka. Nani hana? Mzigo ukichelewa hakuna anayelala, na mimi nauza vitambaa vya mapazia, nayajua hayo. Kontena letu lilikwama bandarini kabla ya Ramadhani. Nikakonda, na wifi yangu Mwanne akakonda, maana duka ni letu sote wawili. Kontena likatoka. Mwanne akanenepa. Mimi moyo ukaendelea kwenda mbio.

Wasiwasi ukahamia kwa mwanangu, kwamba atagongwa na gari akitoka shule. Ukatoka hapo ukaenda kwenye jiko la gesi, kisha kwenye moto dukani. Karibu kila siku, mpaka Maulidi yakapita. Shingo imekaza, usingizi hakuna, na katikati ya mauzo namwacha mteja amesimama, nakimbilia nyumbani Magomeni kuangalia jiko nililokwisha kulizima. Ilinichosha na kunitia aibu.

Famasi wakanipima presha, ikawa sawa. Mwanne akalishika hilo.

"Wifi, huna kitu. Mawazo tu. Nipe funguo ukapumzike, duka nitaliendesha."

"Nikipumzika ndiyo nazidi. Naenda kwa daktari wa akili."

"Ukionekana huko watasema tumeweka kichaa dukani. Nani atakuja kununua?"

"Waseme. Funguo sitoi."

Duka lile ni jasho langu. Bora nisemwe mji mzima kuliko kulikosa.

Daktari Candida hakunicheka. Aliniuliza ilianza lini, nalala vipi, kazi inakwendaje, na kama nimewahi kutaka kujidhuru. Sijawahi. Akachukua damu kupima tezi ya shingo, maana ikizidi kufanya kazi nayo huleta mapigo ya moyo ya namna ile. Majibu yalikuwa safi.

"Wasiwasi wa wifi yako uliisha kontena lilipotoka," akaniambia. "Wako haungoji sababu tena, umedumu miezi, na unakuzuia kufanya kazi. Huo ni ugonjwa, tena una tiba. Si ukichaa."

Tukaanza vikao vya mazungumzo kila wiki. Dawa tutazifikiria zikihitajika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubaki dukani bila kukimbilia jiko, na wallahi ilinitoa jasho.

Jana nimetoka kikaoni, nakuta duka limejaa. Mwanne anamwambia mteja wetu wa siku nyingi, "Sabaha alikwenda Zanzibar, ana mgonjwa huko."

Hasira zikanipanda.

"Sikwenda Zanzibar," nikasema, na waliokuwa barazani wakasikia. "Natoka kliniki ya afya ya akili. Nina ugonjwa wa wasiwasi na natibiwa."

Mwanne akainamisha uso kwenye majora ya vitambaa. Moyo ulinidunda, na safari hii ulikuwa na sababu.

Nikachukua mkasi, nikamgeukia yule mteja.

"Haya shoga, nikukatie mita ngapi?"