Asiyeshika Kalamu

Mwalimu Lois wa darasa letu la kuandika la Ijumaa alikuwa na sharti moja tu, nami nililivunja kwa nia njema kabisa: anayesoma insha ya mwenzake hashiki kalamu. Unasoma, unamwambia ulichoelewa, unamwonyesha palipokugusa na pale ulipopotea, unamwuliza. Basi. Kuandika ni kazi ya mwenyewe.

Lakini mimi ni mlinzi wa jengo la ghorofa ishirini hapa Al Qusais, Dubai. Ripoti zote za zamu hupita kwangu kabla sir, msimamizi wetu, hajazisoma, na nikiona sentensi imelegea, mkono unaniwasha. Kwa hiyo Zakayo, fundi wa skafoldi, yale majukwaa ya ujenzi, anayekaa kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, aliponipa rasimu yake Ijumaa ile, niliichukua na kuiandika upya yote, mezani pa mapokezi, kwa mwandiko wa kupendeza. Nikajiona malaika.

Ijumaa iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Saa kumi na moja jioni Lois angekusanya insha zetu na kuzipeleka kwenye chuo kilichokuwa kikitoa nafasi mbili za bure za kusomea usalama kazini. Tulikuwa kumi na mmoja. Ambao insha zao zingependwa wangeitwa kuhojiwa juu ya walichoandika. Zakayo alikuwa amekosa mwaka uliopita, na mkataba wake ulikuwa unaisha miezi mitatu baadaye. Akikosa tena, ndege ya kurudi Mbeya.

Tulikaa chumba cha juu ya duka la dobi, mvuke wa pasi ukipanda kupitia sakafu. Nikamkabidhi karatasi zangu nikitabasamu. Akasoma polepole, akikaza taya.

"Nzuri," akasema. "Huyu ni nani?"

"Si ni wewe! Nimekunyooshea tu."

"Dada Peninah, wakiniuliza mstari huu maana yake nini, nitawajibu nini? Nikupigie simu?"

Akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake. "Khalas, yaishe. Kama yangu ilikuwa mbovu kiasi cha kutupwa yote, ungeniambia."

Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika tano. Niliona aibu, halafu hasira, kwa sababu nilikuwa nimepoteza zamu nzima kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia aende zake. Lois alikuwa ananitazama. Akanyoosha kiganja, nikampa kalamu yangu.

"Kaa, Zakayo," nikasema. "Tafadhali. Nikuambie nilichosoma kwenye ya kwako."

Hakukaa, lakini hakuondoka. Nikafungua rasimu yake ya asili.

"Aya mbili za mwanzo unaishukuru kampuni. Hapo nilipotea. Sikujua unataka nini. Lakini ukurasa wa pili kuna mstari huu: 'Nilimwona mzee Amour na sikusema.' Hapo nilishtuka. Uliona nini?"

"Mbona wewe uliufuta?"

"Kwenye ripoti hatuandiki tusichoweza kukieleza. Sikukuuliza. Nilikosea. Nisamehe."

Akakaa. Akarudisha vitu vyake mezani.

"Ndoano ya mkanda wake wa usalama haikuwa imefungwa. Ghorofa ya nne. Mimi niliiona. Lakini yeye ni mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi, na wenzetu walikuwa wanatazama. Nikaona nitamfedhehesha. Nikanyamaza." Akaivuta rasimu yake kwake. "Akaanguka; hatembei mpaka leo. Yuko kwao Unguja."

Nilihisi machozi. Nilihisi pia sentensi tatu nzuri sana zikijipanga kichwani, nikazikalia.

"Na hiyo inahusiana vipi na kutaka kusoma?" nikauliza.

"Nataka nijue namna ya kumwambia mtu. Mbele ya watu, bila kumvunjia heshima, kabla hajaanguka."

"Hilo halimo kwenye insha yako."

Akaiangalia rasimu, akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Kweli. Halimo."

Akachukua karatasi mpya. Aliandika kwa mkono mzito, akifuta, akirudia, nami nimeketi juu ya mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa sukari. Shukrani kwa kampuni zilibaki mstari mmoja. Alisema ni za kweli, nami sikubisha. Basi la kambi lilipopiga honi chini, alikuwa bado na sentensi moja. Likapiga tena. Akaimalizia, akampa Lois, akakimbilia mlangoni.

Pale mlangoni akasita, akatoa mfukoni rasimu ya insha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba naye alikuwa na kazi ya kunisomea.

"Dada, nimeisoma mara mbili. Saa zimo, milango imo, funguo zimo. Wewe sikukuona. Ulikuwa wapi?"

Damu ikanipanda. Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni. Nikakumbuka ndoano.

"Asante," nikasema, na ilinigharimu.

Akashuka ngazi akikimbia. Nikamgeukia Lois, nikaomba kalamu yangu. Zilibaki dakika kumi na mbili.